Choo Kimesingiziwa Mno, na Wanaolipa ni Wagonjwa

"Nimeipata chooni." Sijui sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko hiyo dirishani pa maabara, hasa kwa wanawake wanaokuja na kikopo cha mkojo mkononi. Huisema wanafunzi wa bweni, wapangaji wa nyumba ambazo familia sita hutumia choo kimoja, na abiria waliosafiri usiku kucha wakalazimika kuingia choo cha stendi. Wengine hufafanua kwamba ni ule mvuke, joto linalopanda kutoka shimoni mtu anapochuchumaa. Wengine hutaja taulo ya wifi, au bwawa la kuogelea walikokwenda siku ya Idi.

Nimefanya kazi ya maabara muda mrefu wa kutosha kusema ninachokiamini bila kumung'unya: kwa karibu magonjwa yote ya sehemu za siri, choo kimesingiziwa. Na usingiziaji huu una gharama. Hupeleka dawa pasipo na ugonjwa, huuacha ugonjwa uliopo ukae, na mara nyingine humficha mtu ambaye hapaswi kufichwa.

Nianze na binti mmoja, mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 21. Alikuja kwetu akiwa na bahasha ya majibu kutoka sehemu tatu tofauti. Kote alikuwa ameambiwa ana UTI, na kote alikuwa amemeza dawa akamaliza: kwanza siprofloksasini, kisha amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, kisha sefiksimu. Miezi miwili ilikuwa imepita. Muwasho ulikuwa umezidi, na mkojo ulikuwa ukimchoma kila ulipogusa ngozi ya nje. Alikuwa na uhakika kwamba choo cha bweni kinamwambukiza upya kila anapopona kidogo. Kwa hiyo alikuwa amejipangia ratiba ya kujilinda. Asubuhi hakunywa maji ili asihitaji choo chuoni. Akibanwa, alijizuia mpaka jioni. Akirudi, alijisafisha ndani kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuoshea vidonda. Nitarudi kwake, kwa sababu karibu kila kitu alichokifanya kujilinda kilikuwa kinamdhuru.

Kwanza tukiangalie kiti chenyewe cha choo, kwa macho ya mtu anayejaribu kila siku kuvifanya vijidudu hivi viishi. Watu wengi wanafikiri vijidudu vya magonjwa ya zinaa ni vigumu kufa. Laiti ingekuwa hivyo, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Chukua kisonono. Tukitaka kukiotesha maabara, usaha uliochukuliwa kwa pamba lazima upakwe haraka kwenye chakula maalumu, kile tunachokiita agari ya chokoleti. Hakina chokoleti ndani yake. Ni damu iliyopashwa moto mpaka ikageuka rangi ya hudhurungi. Kisha sahani tunaiweka ndani ya chupa kubwa pamoja na mshumaa unaowaka na kufunga mfuniko, mshumaa uzimike wenyewe, ili hewa ya kaboni dioksidi ibaki ndani. Halafu chupa inaingia kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 usiku kucha. Sampuli ikicheleweshwa mezani, au mtu akiiweka kwenye friji kwa nia njema, mara nyingi hatuoteshi kitu, hata kama mgonjwa anacho kisonono tele.

Sasa fikiria kijidudu hicho kikiwa juu ya plastiki kavu, yenye ubaridi, isiyo na chakula. Usaha mbichi kwenye kitambaa chenye unyevu unaweza kukihifadhi kwa saa kadhaa, hilo limewahi kuonekana kwenye majaribio. Lakini kuwa hai hakutoshi. Kijidudu kinahitaji kufika kwa wingi, na kufika mahali kinapoweza kushika. Kwa mtu mzima, kisonono hushika utando laini wa mrija wa mkojo, shingo ya kizazi, njia ya haja kubwa, koo na macho. Ngozi ya paja, ambayo ndiyo inayokaa kwenye kiti, ni ukuta kwake. Kaswende iko vilevile: kijidudu chake hufa upesi kikikauka, na maabara za kawaida haziwezi hata kukiotesha. VVU havisafiri kwa kiti, kwa maji ya bwawa, wala kwa taulo. Virusi vya malengelenge ya sehemu za siri vinaweza kubaki hai juu ya plastiki kwa saa chache, lakini njia yao halisi ni ngozi kugusana na ngozi.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo hadithi ya kiti cha choo hulisahau. Wengi wetu tunatumia choo cha kuchuchumaa, ambacho hakigusi mwili popote isipokuwa nyayo. Ndiyo maana, nadhani, tukabuni mvuke. Hadithi ilihitaji njia ya kupanda juu. Lakini bakteria hawapandi na mvuke kutoka shimoni mpaka wakaingia kwenye mrija wa mkojo. Joto la shimo na harufu yake kali huudhi, na vinaweza kumfanya mtu ajisikie mchafu, ila maambukizi hayaji kwa njia hiyo. Choo kichafu kina magonjwa yake, nayo ni mazito: kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo, minyoo. Hayo hupitia mikononi yakaingia mdomoni. Anayeogopa choo cha stendi aogope kutoka bila kunawa mikono.

UTI nayo inatoka wapi? Katika visa vingi, robo tatu hivi au zaidi, anayehusika ni bakteria aitwaye E. kolai, na E. kolai huyo ni wa mgonjwa mwenyewe. Anaishi kwenye utumbo wake, hutoka kwenye njia ya haja kubwa, huvuka umbali mdogo sana mpaka kwenye tundu la mkojo, kisha hupanda. Kwa mwanamke mrija wa mkojo una urefu wa sentimita 4 hivi, kwa mwanamume ni kama sentimita 20. Tofauti hiyo pekee inaeleza mengi kuhusu kwa nini wanawake ndio wanaougua zaidi. Tendo la ndoa humsukuma bakteria huyo, hata kwa watu waaminifu na wasafi. Na mkojo ukikaa muda mrefu kibofuni, bakteria wachache waliokwisha kuingia wanapata nafasi ya kuzaana.

Hapo ndipo hofu ya choo inapogeuka kuwa chanzo. Kuna utafiti uliochapishwa 2018, uliofuatilia kwa mwaka mmoja wanawake 140 waliokuwa wakipata UTI mara kwa mara na ambao hawakuwa wanywaji wa maji. Nusu yao waliongeza lita 1.5 za maji kila siku juu ya walichozoea. Walioongeza maji walipata UTI wastani wa mara 1.7 katika mwaka huo, na wenzao wakapata mara 3.2. Sasa tazama ratiba ya yule binti: asinywe maji, asikojoe mpaka jioni. Wasichana wangapi wa shule za bweni wanaishi hivyo muhula mzima, wakishauriwa na watu wazima wanaowapenda kwamba wajihadhari na vyoo?

Yeye, hata hivyo, hakuwa na UTI kabisa.

Majibu yake ya awali nilikuwa nayo mbele yangu. Kijiti cha mkojo kilionyesha chembe nyeupe za damu, lakini naitraiti, ambayo E. kolai wengi huitengeneza, haikuwepo. Chini ya darubini waliandika usaha, chembe 8 hadi 10, na pembeni, kwa mwandiko mdogo, waliandika pia seli nyingi za utando. Seli hizo ni bapa, kubwa, kama mayai ya kukaanga, na zinatoka kwenye ngozi ya nje na ukeni. Zikiwa nyingi, maana yake mkojo ule ulipita juu ya uchafu wa ukeni kabla ya kuingia kikoponi. Usaha ulioonekana haukuwa lazima wa kibofu. Aliyeandika aliliona hilo, ila aliyetoa dawa alisoma neno moja tu. Hakuna mahali mkojo wake ulioteshwa kujua kama kweli kuna bakteria.

Tulimwomba akubali kuchukuliwa ute wa ukeni kwa pamba. Uchachu wake ulikuwa pH 4, ambayo ni kawaida, kwa sababu uke wenye afya hukaa kati ya 3.8 na 4.5 hivi. Tone moja la ute lilichanganywa na KOH, dawa inayoyeyusha seli za mwili na kuacha fangasi waonekane. Walionekana: matawi marefu yenye vichipukizi, mithili ya mihogo iliyoshikana. Kandida. Ni aina ya hamira, na wanawake wengi wanayo kidogo mwilini bila dalili yoyote. Bakteria wema wa ukeni ndio wanaoizuia isizidi. Nilipomuuliza mambo yalianzaje, alikumbuka kwamba wiki mbili kabla ya muwasho alikuwa amekunywa antibayotiki kwa ajili ya mafindofindo. Dawa zile ziliwaua walinzi, hamira ikaota. Kisha kila dozi ya kutibu "UTI ya chooni" ikaua walinzi wachache waliosalia, na kule kujiosha ndani kukamalizia kazi. Daktari alimwandikia klotrimazoli, kidonge cha kuweka ukeni, akamwambia aache kujiosha ndani. Wiki ya pili alirudi kutupa habari njema, akiwa na chupa ya maji mkononi.

Sina lawama kwa binti huyu. Dalili za kuchoma zinachanganya, na wengi wenye maduka ya dawa wanauza haraka. Kuna tofauti moja ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuitambua: UTI ya kibofu huchoma ndani, chini ya kitovu, na humfanya mtu aende chooni kila mara akitoa mkojo kidogo. Fangasi huwasha, na mkojo huchoma pale tu unapogusa ngozi iliyokwaruzika. Harufu ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, pamoja na ute mwepesi wa kijivu, ni jambo la tatu: bakteria wa ukeni wenyewe wamevurugika mizani. Hilo nalo haliokotwi chooni, na kujiosha ndani kwa sabuni huliongeza.

Lipo kundi jingine la wanaosema "nimeipata chooni", nalo linahitaji maneno ya upole zaidi. Ni wenye ndoa.

Mama mmoja wa makamo aliletwa akiwa na ute wa kijani wenye povu. Kwenye kioo, ndani ya tone la maji ya chumvi, tuliona trikomona wakicheza. Ni kimelea mwenye umbo la tunda la peasi na vijimkia mbele, na ukimwona mara moja humsahau, anatikisika kama samaki kwenye ndoo. Lakini inabidi umtazame haraka. Kioo kikipoa mezani kwa dakika chache, anapunguza mwendo, kisha anasimama, na hapo huwezi tena kumtofautisha na chembe nyeupe ya damu. Hana ganda la kujikinga kama lile la amiba. Ukavu unamuua. Mume aliposikia, alisema kwa sauti iliyokwisha kuamua: ni choo cha wapangaji.

Ninaelewa kwa nini. Choo hulinda nyumba isivunjike. Lakini katika kulinda huko mume hatibiwi, na mwanamume mwenye trikomona mara nyingi hana dalili hata moja. Mke hupona kwa metronidazoli, miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7, kisha huambukizwa tena kitandani mwake, na wote wawili wanakilaani choo zaidi. Kuna ukweli mwingine ambao husaidia kuliko choo, na ningependa kila mhudumu auseme: trikomona anaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata miaka, bila kujitangaza. Klamidia pia, kwa wanawake wengi haina dalili. Kwa hiyo kipimo cha leo hakisemi maambukizi yaliingia lini, wala hakisemi nani alileta. Kinasema watu wawili watibiwe pamoja, na wasikutane kimwili mpaka wote wamalize dawa. Maneno hayo yamewahi kutuliza vyumba ambamo kiti cha choo kilikuwa kimeshindwa.

Na kwa kuwa nimesema nitasema kweli, trikomona ndiye anayenifanya niseme "karibu yote" badala ya "yote". Anaweza kuishi saa kadhaa kwenye kitambaa chenye unyevu au maji vuguvugu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wasichana wa shule mjini Ndola, Zambia, ambao ulimkuta kimelea huyu hata kwa wasichana waliosema hawajawahi kufanya ngono. Watafiti walihusisha maambukizi na kuoga maji yaliyokwisha kuogewa na mwingine na kutotumia sabuni kila mara. Mahali ambapo maji ni ya kununua kwa dumu, na karai moja likaoga watu wawili, hilo linawezekana. Bado ni njia ya pembeni, si barabara kuu. Ila mhudumu anayemwambia msichana wa nyumba ya namna hiyo "wewe mwongo" anasema zaidi ya anachokijua.

Taulo kwa hiyo naiweka katikati. Iliyolowa na kupitishwa kwa watu watatu inaweza kueneza mambo ya ngozi: fangasi wa mapajani, vile vinundu vidogo vyenye kitovu katikati ambavyo huletwa na virusi, na kwa nadra upele na chawa wa sehemu za siri, ambao hubebwa zaidi na matandiko na mwili wenyewe. Fangasi wa mapajani mara nyingi hata hahitaji taulo ya mwingine. Anatoka kwenye vidole vya miguu vya mtu huyohuyo, anapojifuta miguu kwanza kisha akapanda juu. Kila mtu awe na taulo yake, ifuliwe kwa sabuni, ianikwe juani ikauke kabisa. Yatosha.

Bwawa la kuogelea lenye klorini ya kutosha, kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, halina nafasi ya kueneza kisonono wala trikomona. Maji ni mengi, klorini inaua, na maji hayaingii ukeni kwa namna watu wanavyofikiri. Linaweza kuwasha macho na ngozi laini. Kukaa nusu siku na nguo ya kuogelea iliyolowa kunaweza kumwamsha fangasi aliyekuwepo. Basi.

Lakini yapo maji mengine, na hapa ndipo kero yangu kubwa ilipo. Tumetumia hofu yote kwenye bwawa la hoteli na choo cha stendi, tukasahau lambo, kijito na shamba la mpunga. Ugonjwa mmoja wa sehemu za siri unaopatikana kweli majini, bila ngono na bila uchafu wa mtu mwingine kumgusa mgonjwa, uko kwetu na una jina la Kiswahili ambalo kila mtu analijua: kichocho.

Kichocho cha mkojo huletwa na minyoo inayoitwa Skistosoma hematobiamu. Mtu mwenye ugonjwa anakojoa majini, mayai yanaanguliwa, vitoto vinaingia kwenye konokono mdogo wa maji baridi, vinaongezeka humo kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya binadamu. Hutoka zaidi jua likiwa kali, kuanzia katikati ya asubuhi, saa zilezile ambazo watoto wanaoga na kina mama wanafua. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Huhitaji kumeza maji, wala maji hayahitaji kuingia popote. Inatosha kusimama mpaka magotini. Kipo Shinyanga na maeneo mengi ya bara kusini mwa Ziwa Viktoria, kipo Unguja na Pemba, kipo Kwale na bonde la Mto Tana. Ziwa Viktoria lenyewe linajulikana zaidi kwa ndugu yake, kichocho cha tumbo.

Watu wengi wanakijua kichocho kwa damu mwisho wa mkojo. Wachache wanajua kwamba minyoo hii hutaga pia mayai kwenye shingo ya kizazi, ukeni, na kwenye mirija ya uzazi. Yai lina mwiba mkiani. Likikwama kwenye nyama, mwili hulizungushia kovu. Mwanamke anapata ute wenye rangi ya damu, maumivu na damu baada ya tendo la ndoa, maumivu ya chini ya tumbo, mwasho, na wengine hushindwa kushika mimba. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wana kichocho cha sehemu za siri. Soma tena dalili hizo, kisha fikiria msichana wa miaka 15 anayezieleza kwa muuguzi mwenye haraka. Ataambiwa ana ugonjwa wa zinaa. Nyumbani atapigwa. Yeye atajitetea kwa neno alilofundishwa, kwamba ni choo, na hakuna atakayemuuliza alikuwa akichota maji wapi.

Kwa hiyo swali la maji ndilo ningependa liulizwe kabla ya swali la wapenzi. Ulikulia wapi? Mlikuwa mkiogea wapi, mkifulia wapi? Kisha mkojo uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi, na mgonjwa atembee au aruke kidogo kwanza. Tunachuja mililita 10 na kutafuta yai lenye mwiba. Tatizo ni kwamba mkojo unaweza kuwa safi na mayai yakawa yamejaa kwenye shingo ya kizazi. Daktari mwenye kifaa cha kupanulia uke na taa nzuri anaweza kuona mabaka yenye chembe kama mchanga wa manjano na mishipa ya damu isiyo ya kawaida. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, ileile inayogawiwa kwenye kingatiba za shule kwa kupima urefu wa mtoto kwa fimbo. Inaua minyoo wakubwa. Makovu yaliyokwisha kujengeka huenda yasiondoke, na ndiyo maana dozi ya utotoni ina thamani kubwa kuliko ya ukubwani. Mtoto anayekosa siku ya kingatiba kwa sababu mzazi anahofia kizunguzungu anapoteza zaidi ya anavyodhani.

Nimeacha mwisho jambo linalonifanya nisiweze kuuchukulia uvumi wa choo kama maneno tu ya mtaani.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, wodi za watoto huko Ulaya na Marekani zilikuwa na milipuko ya kisonono kwa wasichana wadogo. Ukeni mwa msichana ambaye hajabalehe utando ni mwembamba na hauna uchachu, kwa hiyo kisonono hushika kirahisi kuliko kwa mtu mzima. Sehemu ya milipuko ile ilitokana kweli na vipimajoto na vitambaa vilivyopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto vikiwa na usaha mbichi. Lakini kutoka hapo madaktari wengi wa Marekani walivuka wakaenda mbali. Walipowakuta wasichana wenye kisonono katika familia zenye heshima, walilaumu viti vya vyoo vya shule. Shule zikashauriwa kuweka viti vyenye uwazi upande wa mbele. Ilichukua miongo mingi kabla taaluma hiyo haijakubali kwamba wengi wa watoto wale walikuwa wameambukizwa na wanaume waliowajua, nyumbani.

Leo mwongozo uko wazi. Kisonono kwa mtoto aliyepita umri wa uchanga huhesabiwa kuwa dalili ya ukatili wa kingono mpaka ithibitike vinginevyo. Kaswende isiyo ya kuzaliwa nayo ni hivyohivyo. Muwasho au uchafu mwepesi kwa mtoto una sababu nyingi zisizo na ubaya, kama minyoo ya njia ya haja kubwa, sabuni kali, au kutojifuta vizuri, na ndiyo maana kipimo hutangulia hukumu. Lakini kipimo kikishasema kisonono, choo cha shule si jibu.

Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka 5 akiwa na bibi yake. Bibi alikuwa amekuja na maelezo kamili: choo cha chekechea ni kichafu, ameshamwambia mwalimu, na alitaka dawa tu awahi basi la saa 9. Kwenye kioo, baada ya rangi, niliona vijidudu viwiliwili vyekundu vikiwa ndani ya chembe za usaha, mfano wa maharage mawili yaliyotazamana. Siku mbili baadaye sahani ya chokoleti ilithibitisha. Tulimwita daktari kabla ya kumpa bibi karatasi yoyote. Daktari aliwapeleka kituo cha mkono kwa mkono, mahali ambapo mganga, ofisa ustawi wa jamii na polisi wa dawati la jinsia na watoto wanakaa pamoja ili mtoto asisimulie habari yake mara nne. Bibi alinigeukia mlangoni akaniuliza kama nina hakika si choo. Nilimwambia nina hakika. Alikaa chini kwenye benchi la korido, akamvuta mtoto mapajani mwake, na basi la saa 9 likaondoka bila wao.